Dozi ya warfarini hushonwa kwa kipimo cha sufuria ya mgonjwa

*Shikamoo. Mimi ni mfamasia katika hospitali ya wilaya. Nina mgonjwa wa miaka 58, dereva wa basi la mikoani, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. INR zake tatu za mwisho, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni 1.6, 4.2 na 1.9. Aliambiwa aache kabisa mboga za majani, lakini anasema nyumbani hawezi kuzikwepa. Nimshauri nini? Na kwenye faili niandike nini, maana fomu yetu ina kisanduku kimoja tu: "Ushauri wa chakula umetolewa"?*

Marahaba, mdogo wangu. Kisanduku hicho nakifahamu vizuri, nimekitia tiki miaka mingi, na siku moja kilinitia aibu. Nitafika huko. Kwanza lifute lile agizo la kuacha mboga, na ufute kwa maandishi, uandike kwenye faili na kwenye kijitabu chake kwamba halitumiki tena. Ukimwambia kwa mdomo tu, mwezi ujao atakutana na mtu mwingine atakayelisoma lile la zamani na kumrudishia.

Agizo lenyewe linatokana na ukweli uliotafsiriwa vibaya. Ini hutengeneza vigandishi vya damu, na vinne kati yake, vile vyenye namba 2, 7, 9 na 10, havikamiliki bila vitamini K. Vitamini hiyo ikishafanya kazi mara moja inakuwa imechakaa, na kuna kimeng'enya kinachoirudisha katika hali yake ili itumike tena. Warfarini inakifunga mkono kimeng'enya hicho. Kwa kuwa ini haliwezi tena kuzungusha akiba yake kama kawaida, linaanza kutegemea sana vitamini K mpya inayoingia kila siku kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo kiasi cha warfarini anachohitaji mtu kinalingana na kile anachokula. Tunapomtafutia dozi, wiki baada ya wiki, tunamshonea nguo kwa kipimo cha sufuria ya nyumbani kwake, hata kama sufuria yenyewe hatujawahi kuiulizia.

Sasa mtu akiacha mboga kabisa, dozi yake hushonwa kwa kipimo cha mtu asiye na akiba. Fikiria pipa la maji. Likiwa nusu, ukimimina kikombe kimoja huoni tofauti. Likiwa limebaki maji ya kulowesha chini tu, kikombe hichohicho kinabadilisha kila kitu. Ndiyo maana wagonjwa wanaokula vitamini K kidogo mno ndio ambao INR zao huyumba zaidi, na mtu wa namna hiyo anaweza kushushwa INR hata na kidonge cha multivitamini chenye mikrogramu 25 tu za vitamini K, kiasi ambacho mla mboga wa kila siku hakihisi. Mwaliko mmoja wa harusi unatosha kumharibia mwezi.

Kwa hiyo neno la kumwambia ni "usibadilishebadilishe". Ale mboga kama watu wa kwao wanavyokula, ila kiasi cha wiki hii kifanane na cha wiki iliyopita, na akitaka kuongeza au kupunguza kwa makusudi atuambie kabla, ili tupime na kurekebisha dozi. Wagonjwa wengi wakiambiwa hivi huhema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ukimkataza mtu chakula chote cha kwao, atakila tu, kisha atakuficha.

Sasa ile aibu yangu. Kulikuwa na mama mmoja, miaka 41, aliyewekewa valvu ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile ya mitrali. Kwa valvu ya namna hiyo tunataka INR kati ya 2.5 na 3.5, juu kidogo kuliko 2 hadi 3 tunayomtakia dereva wako. Alikuwa ametulia kwa miezi kadhaa kwa miligramu 5 kila siku, yaani 35 kwa wiki. Siku hiyo akaja na 1.7. Niliuliza maswali niliyozoea. Umekosa dozi? Hapana. Kuna dawa mpya? Hapana. Unakula mboga za majani? Kama kawaida tu. Nikaandika "Ameshauriwa kuhusu chakula", nikatia tiki, na tukampandisha: miligramu 7.5 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na 5 siku nyingine, jumla 42.5 kwa wiki. Baada ya wiki mbili INR ikawa 2.7. Wote tukafurahi.

Wiki tatu baadaye alirudi ana michubuko mapajani, na fizi zilikuwa zinatoa damu kila akipiga mswaki. INR 5.4.

Safari hii nilikaa naye. Ikatoka kwamba kabla ya ile 1.7 alikuwa anachoka, na jirani yake akamwambia damu imepungua, anywe juisi ya matembele. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa juisi hiyo ni nini. Kina mama wajawazito wanaipendekezana kila siku, na ikikamuliwa ndimu ile rangi inageuka nyekundu, basi mtu anaamini kabisa kwamba anakunywa damu. Alikuwa akisaga bilauri mbili kwa siku. Halafu kiangazi kikakolea, bustani ya jirani ikakauka, juisi ikaisha. Dozi tuliyompandishia kwa ajili ya juisi ikabaki peke yake, bila juisi ya kupambana nayo.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa mshangao. "Uliniuliza mboga. Ile si mboga, ni juisi."

Alikuwa sahihi, nami tangu siku hiyo nimebadilisha maswali. Daktari alimsimamishia dozi kwa siku mbili, tukapima tena, tukamrudisha kwenye 35 zake za zamani. Hakupewa vitamini K ya dawa, maana hakuwa na damu nyingi inayotoka, na kwa mwenye valvu ya chuma kuzima warfarini ghafla ni hatari ya upande wa pili: damu inaweza kuganda juu ya valvu. Ule mlio mdogo wa "tik, tik" ambao wenye valvu hizo huusikia usiku kukiwa kimya ukififia, au pumzi ikabana ghafla, au mkono ukalegea, hapo ni hospitali muda huohuo. Hilo nalo huwa namwambia mgonjwa wa valvu, na huliandika kwamba nimemwambia.

(Uchovu wake, kwa njia, ulistahili kipimo cha hemoglobini tangu mwanzo. Mtu anayetumia warfarini akisema amechoka na damu imepungua, wazo la kwanza liwe kwamba huenda anavuja mahali taratibu, hasa tumboni. Tulikuja kupima baadaye, ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge vya madini ya chuma, ambavyo havina ugomvi na warfarini.)

Sasa namna ya kuuliza. Usiulize "unakula mboga?" kwa sababu kila mtu atajibu "kawaida", na "kawaida" haina uzito wala ujazo. Mimi huanza na jana: jana asubuhi ulikula nini, mchana nini, usiku nini, nani alipika. Kisha huuliza katika wiki moja mboga za majani huingia mezani siku ngapi, na wiki mbili zilizopita kama palikuwa na tofauti. Wiki mbili zinatosha. Vigandishi vilivyopo kwenye damu huisha kwa mwendo tofauti: namba 7 hupungua nusu katika saa sita hivi, lakini namba 2 huchukua siku mbili hadi tatu, kwa hiyo badiliko la chakula huanza kuonekana kwenye INR baada ya siku mbili tatu na kukamilika baada ya wiki moja hivi. Alichokula kwenye harusi ya miezi miwili iliyopita hakina habari na kipimo cha leo.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Kwenye droo yangu nina upawa, bakuli dogo la plastiki na mfuko wa maharage makavu. Namwambia mgonjwa: haya maharage ndiyo mchicha uliopikwa, jipakulie kama unavyojipakulia nyumbani. Mmoja huweka nusu upawa pembeni. Mwingine hujaza bakuli mpaka maharage yanamwagika mezani, na huyu ndiye aliyekuwa ameniambia anakula "kidogo tu". Baada ya hapo huandika upawa au nusu upawa, siku ngapi kwa wiki. Gramu hazinisaidii, kwa sababu hakuna anayepima mboga kwa mizani jikoni kwake.

Kisha huja swali ambalo mama wa matembele alinifundisha, nalo huliuliza peke yake na polepole: kuna kitu chochote unachokunywa au kulamba kwa ajili ya afya? Juisi, unga, chai ya majani, dawa ya asili, kidonge cha nguvu. Hapa ndipo unga wa mlonge hujitokeza, ambao ni majani yaliyokaushwa na kusagwa, na watu huunyunyiza kwenye uji bila kuuhesabu kuwa mboga. Akitaja juisi, muulize ilivyotengenezwa. Vitamini K huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Anayechemsha majani, akayachuja na kunywa yale maji mekundu tu, hupata kidogo. Anayesaga majani mabichi kwenye blenda na kuyanywa na makapi yake, na hasa akitia maziwa au parachichi humo, hupata karibu yote. Gramu 100 za matembele mabichi zina takriban mikrogramu 300 za vitamini K, na mwanamke mzima anakadiriwa kuhitaji 90 kwa siku, mwanamume 120. Mama yule alikuwa akimimina mahitaji ya siku kadhaa kila siku, juu ya mboga za kawaida.

Huna haja ya kumpa mgonjwa jedwali la vyakula hamsini. Mfundishe rangi. Majani ya kijani kilichokolea, yaani mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki, spinachi, majani ya maboga na ya kunde, yote yako kwenye kundi moja zito. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa hupita mikrogramu 400. Kabichi iko katikati, nusu kikombe kilichopikwa kama 80, na bamia iko chini ya hapo. Ugali, wali, viazi, ndizi, maharage makavu, nyama, samaki, nyanya na karoti hayana la kutusumbua. Katika kundi zito anaweza kubadilisha mchicha kwa sukuma bila kutupigia simu. Kinachotuhusu ni akitoka kundi zito siku saba kwa wiki na kwenda kabichi wiki nzima. Na usimtishe na mizizi ya bitiruti kwa sababu tu ni nyekundu; vitamini K iko kwenye majani yake, ule mzizi hauna kitu cha kutaja. Kupika nako hakuiondoi vitamini hii, kwa hiyo yule anayekuambia "naichemsha sana ndiyo maana haina madhara" anajifariji.

Kabla hujaibebesha mboga lawama, ondoa kwanza washukiwa wengine, maana chakula ni mshukiwa anayependwa kwa sababu hajitetei. Kwa INR iliyoshuka, hesabu vidonge vilivyobaki. Dozi zilizorukwa ni sababu ya kawaida kuliko mchicha. Angalia pia nguvu ya kidonge alichopewa mara ya mwisho, na usiamini rangi, kwa kuwa rangi hutofautiana kwa mtengenezaji. Uliza kuhusu dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huishusha INR vibaya, na dawa za kifafa kama kabamazepini. Kwa iliyopanda, tafuta septrini, metronidazoli na flukonazoli, ambazo watu hujinunulia duka la dawa bila cheti, pombe nyingi ya mara moja, na ugonjwa wowote uliomfanya asile au aharishe siku tatu nne. Diklofenaki itaje kwa jina lake kwa dereva wako, maana madereva wana migongo: hiyo inaweza kumtoa damu tumboni hata INR ikiwa ndani ya mstari.

Tuje kwake sasa. Dereva wa basi la mikoani ana majiko mawili, la nyumbani na la barabarani. Chukua ratiba yake ya zamu uilaze kando ya tarehe za vipimo. Dhana yangu, kabla sijamwona, ni kwamba 1.6 na 1.9 zilipimwa baada ya siku kadhaa za nyumbani, ambako mkewe anapika kisamvu au mchicha kila siku, na 4.2 ilipimwa aliporudi kutoka safari ndefu ya chipsi, nyama choma na soda. Kama ndivyo, chakula kinaeleza vyote vitatu. Lakini tazama mwelekeo, ndio utakaokuambia ukweli. Ukikuta namba za chini zinafuata safari, geuza mawazo: chakula cha barabarani hakina majani, kilipaswa kuipandisha, kwa hiyo huyo huenda anasahau vidonge akiwa njiani. Muulize kidonge huwa kiko wapi saa mbili usiku basi likiwa katikati ya pori. Kama jibu ni "kwenye kabati nyumbani", umeshapata sababu.

Angalia pia kama dozi ilikuwa ikibadilishwa kila baada ya kipimo. Kama ilipandishwa kwa 1.6, ikashushwa kwa 4.2, na sasa mtu anataka kuipandisha tena kwa 1.9, mnakimbizana na ratiba ya basi. Kwa 1.9 wala msiiguse dozi siku hiyo. Kwa mgonjwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio na asiye na valvu ya chuma, iko chini ya mstari kwa unywele tu.

Suluhisho lake ni kusawazisha majiko mawili. Nyumbani apunguze kutoka bakuli hadi upawa mmoja kwa siku, na barabarani apate upawa mmoja kwa siku. La pili linawezekana kuliko unavyodhani, kwa sababu mama ntilie wa stendi karibu wote wana mboga ya majani pembeni ya ugali, ni yeye tu asiyeiagiza kwa kuwa aliambiwa ni sumu. Siku akikosa, akose siku hiyo tu, asijaribu kufidia kwa mapawa matatu kesho yake. Ukimweleza mpango huu mke wake awepo, au umpigie simu ukiwa na mgonjwa mbele yako, kwa ruhusa yake. Mpishi asipojua, umeshauri mtu asiyeshika mwiko.

Kisha mwambie akurudishie maneno yako. Usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo kwa heshima tu. Muulize: "Ukifika stendi mchana utaagiza nini? Na mama akiuliza daktari kasemaje, utamwambiaje?" Akikujibu "nimeambiwa nisile mboga", rudi mwanzo bila kununa, agizo la zamani lilikaa kichwani mwake muda mrefu.

Sasa karatasi. Kisanduku kitie tiki kama utawala unataka, kisha andika chini yake au nyuma ya fomu. Maandishi ya maana yana kazi moja: mtu asiyemjua mgonjwa, akilifungua faili baada ya miezi mitatu, ajue dozi hii ilishonwa kwa chakula gani. Yangu ya zamani, "Ameshauriwa kuhusu chakula", hayakumsaidia hata mimi mwenyewe. Kama siku ile ningeuliza inavyopaswa, ningeandika hivi kwa mama wa matembele:

"INR 1.7, lengo 2.5–3.5. Warfarini miligramu 5 kila siku (35 kwa wiki), hajakosa dozi, vidonge vimehesabiwa vinalingana. Hakuna dawa mpya, hana homa wala kuhara. Mazoea: mboga za majani siku 4 kwa wiki, nusu upawa. Badiliko: tangu siku 12 zilizopita anakunywa juisi ya matembele mabichi yaliyosagwa, bilauri 2 kwa siku, kwa ajili ya uchovu. Tathmini: juisi ndiyo sababu inayoelekea zaidi ya INR kushuka. Makubaliano: ameamua kuacha juisi, anaendelea na mboga zake kama zamani. Dozi ya wiki haijapandishwa. Daktari amearifiwa leo kuhusu valvu na INR ya chini. Hemoglobini imeagizwa. Amerudia mwenyewe: 'Naacha juisi, mboga nakula kama siku zote, nikitaka kuanza kitu nauliza kwanza.' Dalili za hatari zimeelezwa. INR irudiwe baada ya siku 5. Kabla ya kubadilisha dozi kwa sababu yoyote, ulizia kwanza kama juisi anainywa au ameiacha."

Hiyo huchukua dakika nne kuandika. Mstari wa mwisho ndio ambao ungemwepusha na ile 5.4, kwa kuwa ungemlazimisha yeyote aliyefuata, mimi nikiwa wa kwanza, kuulizia juisi iko wapi sasa.

Zingatia mambo mawili katika maandishi hayo. La kwanza, nimetenganisha mazoea na badiliko. Mboga siku nne kwa wiki si tatizo, ni kipimo cha nguo. Ukiyachanganya, msomaji atadhani mboga zote ni kosa na agizo la kuacha litafufuka. La pili, nimeandika "sababu inayoelekea zaidi" na nikaonyesha nilichokiondoa kabla ya kufika hapo. Usiandike "INR imeshuka kwa sababu ya chakula" kana kwamba umeona kwa macho. Kesho ikibainika alikuwa anaanza dawa za kifua kikuu, neno lako la uhakika litakuwa limemfanya mwenzako asiulize.

Na kama mama angesema hataki kuacha juisi? Ni haki yake, na linawezekana. Tungeandika kwamba anaendelea na bilauri mbili kwa siku, tungepandisha dozi kwa hatua, asilimia 5 hadi 20 ya jumla ya wiki kama desturi ilivyo, tukipima baada ya wiki, na maandishi yangesema wazi kwamba dozi hii mpya ni ya mtu anayekunywa juisi. Mimi ningemshawishi aiache, si kwa sababu ni sumu, bali kwa sababu inategemea bustani ya jirani, na bustani ya jirani inategemea mvua. Mboga za masika ni za bei ya chini na zimejaa, za kiangazi ni ghali na chache, na kila mwaka wakati wa mpito huo INR za kliniki nzima huwa naziangalia kwa jicho la pili. Ramadhani nayo ibebe akilini, kwa kuwa futari ya mihogo, viazi na tambi huondoa mchicha mezani mwezi mzima bila mtu kuamua chochote. Kwa wafungaji huwa naandika tarehe ya kupima wiki ya pili ya mfungo na nyingine baada ya Idi.

Kwenye kijitabu cha mgonjwa usinakili yote hayo. Andika kwa Kiswahili cha nyumbani na herufi kubwa: "Mboga: upawa 1 kila siku, nyumbani na safarini. Usiache, usizidishe. Juisi ya majani, unga wa mlonge, dawa yoyote mpya: piga simu kwanza." Na namba ya kliniki chini. Kijitabu kinasafiri naye, faili halisafiri. Kama atatokwa damu akiwa mkoa mwingine, kijitabu ndicho kitakachomweleza daktari wa huko.

Kwa dereva wako, basi, andika tarehe ya leo kama mwanzo mpya. Acha dozi ilivyo, mpe mpango wa upawa mmoja, na mpime baada ya siku saba hadi kumi, ikiwezekana ndani yake kuwe na siku za nyumbani na za safari. Tegemea INR ikae chini kidogo ya 2 au juu yake kidogo, kwa sababu sasa atakuwa anakula mboga hata njiani. Huenda dozi ikahitaji kupanda kidogo, na safari hii itapanda kwa sababu unayoijua. Kipimo cha pili kikikubaliana na cha kwanza, nafasi kati ya vipimo inaweza kurefuka taratibu. Kikitofautiana sana tena huku vidonge vimehesabiwa na upawa umeheshimiwa, rudi kwenye orodha ya dawa, na umwombe aje na mfuko wake mzima wa safari aumwage juu ya meza yako.